Chini ya Kiti au Sehemu ya Mizigo: Paka na Mbwa kutoka Kisumu hadi Amsterdam

Mtu anayehama nchi pamoja na mnyama wake huanza kwa kuuliza ni wapi mnyama atakuwa salama zaidi, karibu na miguu yake au chini pamoja na mizigo. Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi huwa limekwisha kujibiwa na mambo matatu ambayo hayana uhusiano na mapenzi ya mwenye mnyama: nchi anayokwenda, shirika la ndege alilokata tiketi, na urefu wa mnyama kutoka sakafuni hadi begani. Katika ulinganisho huu nitafuata familia moja ya mfano inayotoka Kisumu kwenda kuishi Uholanzi, ikiwa na paka jike wa kilo 3.5 na mbwa wa kienyeji wa kilo 18, kwa kuwa wanyama hao wawili wanaonyesha vizuri pale njia zinapoachana na pale zinapokuwa kitu kimoja.

Milango inayofungwa kabla ya kupima chochote

Zipo njia tatu, si mbili. Ya kwanza ni mnyama kukaa ndani ya mkoba chini ya kiti kilicho mbele ya abiria. Ya pili ni kusafiri katika sehemu ya mizigo akiwa ameandikishwa kwenye tiketi ya mwenyewe, katika ndege ileile. Ya tatu ni kusafirishwa kama shehena kwa hati yake ya usafirishaji, ambapo mwenye mnyama anaweza hata kuwa kwenye ndege nyingine. Katika tiketi, njia ya kwanza huonekana kwa alama PETC na ya pili kwa alama AVIH. Inafaa kuzitafuta alama hizo kwenye uthibitisho wa safari, kwa maana ahadi ya mdomo ya wakala wa tiketi haimfikii mtu anayekaa kaunta usiku wa safari.

Anayekwenda Uingereza hana la kuchagua. Nchi hiyo hairuhusu paka wala mbwa kuingia kwa ndege wakiwa chini ya kiti, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Wanyama wengine wote wanaofika kwa ndege huingia kama shehena. Ndiyo sababu baadhi ya watu hushukia Amsterdam au Paris na kumalizia safari kwa feri au kwa gari kupitia handaki la baharini. Njia hiyo inakubalika, ila inadai makaratasi ya Umoja wa Ulaya na ya Uingereza kwa pamoja.

Shirika la ndege nalo lina sauti yake. Emirates na Qatar Airways, ambayo watu wengi wa huku kwetu huyapenda kwa nauli zao, hayamkubali paka wala mbwa wa kawaida kukaa na abiria. KLM na Air France yanamkubali, kwa sharti kwamba mnyama pamoja na mkoba wake wasizidi kilo 8, na mkoba usizidi sentimita 46 kwa 28 kwa 24. Kwa hiyo nauli nafuu ya kupitia Ghuba inaweza kuwa imekwisha kumpeleka paka wako kwenye sehemu ya mizigo kabla hujajua kwamba ulikuwa na uchaguzi. Ni afadhali kuuliza kuhusu mnyama kwanza na kukata tiketi baadaye. Kila ndege hupokea wanyama wachache tu katika sehemu ya abiria, na nafasi hizo zikijaa, mkoba wenye vipimo sahihi haukusaidii kitu.

Mkoba na kizimba

Watu huhangaika na uzito, lakini kwa paka kinachokwamisha mara nyingi ni kimo. Paka wetu wa mfano ana kilo 3.5, mkoba laini wa kitambaa pamoja na kitandiko una kilo 1.4 hivi, jumla haifiki hata kilo 5, na kikomo ni 8. Kisha chukua futi ya fundi nguo upime kutoka sakafuni hadi begani akiwa amesimama: sentimita 22. Mkoba wenye kimo cha sentimita 24 kwa nje hubaki na 22 au 23 kwa ndani, na kwa kuwa paa lake ni la kitambaa, paka anaweza kusimama akiwa ameinamisha kichwa kidogo, akageuka na kulala. Huyo atakubaliwa. Lakini paka dume mkubwa wa kilo 5.5 mwenye bega la sentimita 27 atapita kwenye mizani na kukwama kwenye mkoba, kwani mfanyakazi wa kaunta ana haki ya kuomba aone mnyama akigeuka ndani. Mizani ya jikoni haitakuonyesha tatizo hilo.

Mkoba laini unafaa zaidi kuliko wa plastiki ngumu, kwa sababu nafasi chini ya viti hailingani hata ndani ya ndege moja. Vyuma vinavyoshikilia kiti na visanduku vya umeme hula sentimita kadhaa, na kitambaa kinajikunja pale plastiki isipoweza. Zipu iwe na ndoano ya kufungia mwishoni. Paka aliyeogopa huisukuma zipu kwa pua taratibu mpaka ifunguke, na paka anayezurura chini ya viti vya watu mia mbili hakamatiki kwa urahisi.

Sehemu ya mizigo ina sheria tofauti kabisa. Huko haulizwi kimo cha nafasi ya chini ya kiti. Kinachotazamwa ni vipimo vya mnyama mwenyewe. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kina kanuni za kusafirisha wanyama hai, na kwa mbwa na paka zinataka vipimo vinne vichukuliwe. A ni urefu kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, bila mkia wenyewe. B ni kimo kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele. C ni upana wa mabega. D ni kimo akiwa amesimama, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa au ncha za masikio, kutegemea kipi kiko juu zaidi. Kutoka hapo hesabu ni hii:

```
urefu = A + (B / 2)
upana = C x 2
kimo  = D + unene wa kitandiko
```

Mbwa wetu ana A ya sentimita 72, B ya 28, C ya 19, na D ya 58, maana masikio yake yamesimama kama ya mbwa wengi wa kienyeji. Urefu wa kizimba basi ni 72 kuongeza 14, yaani 86. Upana ni 38. Kimo ni 58 pamoja na sentimita 3 za kitandiko, yaani 61. Vipimo hivi ni vya ndani. Kosa linalojirudia ni kununua kizimba kwa kusoma namba za kwenye sanduku la dukani, ambazo kwa kawaida ni za nje, kisha kugundua kwamba kuta zilizopinda kuelekea juu zimepunguza upana na paa limegusa masikio. Mbwa akigusa paa kwa masikio tu, kizimba kinakataliwa, na hakuna duka la vizimba pale uwanja wa ndege.

Kizimba kiwe cha plastiki ngumu chenye mlango wa chuma, matundu ya hewa pande zote nne, na vyombo vya maji na chakula vilivyofungwa ndani kwa namna ambayo mtu wa nje anaweza kuvijaza bila kufungua mlango. Nusu ya juu na ya chini zishikwe kwa bolti na nati za chuma. Vibanio vya plastiki vinavyokuja na vizimba vya bei ya chini ni chanzo cha kukataliwa mara kwa mara. Magurudumu yaondolewe. Vizimba vya waya tupu, vile vinavyouzwa kwa ajili ya nyumbani au garini, havikubaliwi, na wala tusiwalaumu wanaovikataa, kwa kuwa mnyama mwenye hofu huvunja meno kwenye waya. Mbwa wa kilo 18 ndani ya kizimba cha kilo 9 ni kilo 27, mbali sana na kikomo cha KLM cha kilo 75 kwa sehemu ya mizigo.

Nanunua nini mapema, basi? Vyote viwili, na si kwa sababu ya vipimo pekee. Kizimba kikae sebuleni miezi miwili au mitatu, mlango ukiwa wazi, mbwa alie chakula humo na kulala humo. Mkoba wa paka ufanyiwe vivyo hivyo. Muda huo upo, kama makaratasi yatakavyoonyesha.

Makaratasi hayabadiliki kwa kubadili kiti

Hapa ndipo njia zote zinakuwa moja. Cheti kinachodaiwa kwa paka aliye chini ya kiti ndicho kinachodaiwa kwa mbwa aliye chini ya sakafu, na anayedhani kwamba mnyama wa mkononi anapita kwa urahisi zaidi atashangaa akifika Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam.

Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziona kuwa na hatari ndogo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mnyama kutoka Kisumu lazima apitie hatua zenye mpangilio usiovunjika. Kwanza anawekewa chipu chini ya ngozi ya shingo, yenye namba ya tarakimu 15 inayofuata kiwango cha ISO. Kisha, siku hiyohiyo au baadaye, anachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na umri usiopungua wiki 12. Baada ya siku zisizopungua 30 anatolewa damu ya kupima kingamwili katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kama ile ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini. Kipimo kinatakiwa kifike 0.5 IU kwa mililita. Halafu inahesabiwa miezi mitatu kamili kuanzia siku ya kutolewa damu, si siku majibu yalipofika, ndipo aweze kuingia.

Huku magharibi mwa Kenya mtego uko kwenye mpangilio huo. Kaunti huendesha kampeni za kuchanja mbwa, watu hupanga foleni na mbwa wao kwa kamba, wanapewa kadi, na kadi hiyo ni ya kweli na inamlinda mbwa na watu wa nyumbani. Lakini mbwa huyo hana chipu. Mazungumzo kwenye kliniki huenda hivi:

“Daktari, huyu si ameshachanjwa? Kadi yake hii hapa, hata muhuri upo.”

“Nimeiona, mama, na chanjo ni nzuri. Shida ni kwamba kadi inasema mbwa wa rangi ya kahawia, na mbwa wa kahawia Kisumu ni wengi. Ulaya wanataka chanjo iliyoandikwa dhidi ya namba ya chipu. Tumwekee chipu leo, tumchanje tena leo, tuanze kuhesabu.”

Tuhesabu basi. Chipu na chanjo tarehe 5 Januari. Siku ya 30 ni tarehe 4 Februari. Daktari anaipa damu siku chache zaidi ili kingamwili ipande vizuri, anaichukua tarehe 9 Februari. Sampuli inayosafirishwa ni maji ya damu yaliyotenganishwa na kuwekwa kwenye baridi. Damu nzima iliyokaa kwenye joto la mchana la Kisumu huharibika, na sampuli ikirudishwa kwa kuharibika, damu hutolewa upya na miezi mitatu huanza upya. Majibu yakiwa mazuri, mnyama anaweza kuingia Ulaya kuanzia tarehe 9 Mei. Familia inakata tiketi ya usiku wa tarehe 16 Mei. Cheti cha afya cha kuingilia hudumu siku 10 tangu kitolewe hadi mnyama anapofika mpakani, kwa hiyo kikitolewa na kugongwa muhuri tarehe 13 au 14 Mei kinabaki na nafasi ya kupumua endapo ndege itaahirishwa. Kikitolewa tarehe 6 kwa ajili ya kuwahi, mnyama atatua tarehe 17 akiwa na karatasi iliyokufa.

Daktari binafsi wa Kisumu au Nakuru anaweza kufanya chipu, chanjo, damu na uchunguzi, mradi awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Cheti cha kuvuka mpaka lakini ni cha serikali, na kinapitia Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, yenye makao yake Kabete, Nairobi. Panga siku nzima ya kazi kwa ajili ya Kabete kabla ya siku ya safari, hasa kwa safari za Jumamosi na Jumapili. Ukifika, linganisha tarakimu 15 za chipu kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine, na uombe mnyama apitishiwe skana mbele yako. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi kwenye fomu ya maabara zinatosha kumfanya mbwa wako awe mbwa mwingine.

Jambo la mwisho kuhusu karatasi: kipimo cha kingamwili kikishapatikana hudumu, ila chanjo ya marudio isichelewe hata siku moja. Ikichelewa, mlolongo wote unaanza mwanzo.

Wanyama wenye pua fupi

Kwa aina chache, ulinganisho unageuka. Mbwa kama bulldogi, pagi na pekinizi, na paka wa Kiajemi, wana njia fupi na nyembamba za hewa, na hupoza mwili kwa shida wanapohema. Katika sehemu ya mizigo wakati ndege iko chini, injini zikiwa hazijawashwa na joto likipanda, hao ndio wanaokufa. Mashirika mengi hayawapokei huko kabisa. Kanuni za IATA zinataka kizimba chao kiwe kikubwa kwa asilimia 10 pale wanapopokelewa. Mwenye pagi mdogo wa kilo 6.5 basi ana njia moja tu ya kufikiria, nayo ni chini ya kiti. Mwenye bulldogi wa kilo 24 hana hata hiyo, na ningemshauri amtafutie mbwa huyo makao mema hapahapa.

Kwa mnyama mwenye afya na pua ya kawaida, sehemu ya mizigo si mahali pa kutisha kama inavyosimuliwa. Hewa yake ina shinikizo sawa na la abiria, joto hurekebishwa, na rubani hupewa taarifa ya maandishi kwamba kuna kiumbe hai chini. Giza na kelele vipo, lakini mbwa aliyezoea kizimba hulala. Hatari kubwa zaidi iko ardhini, katika kusubiri juani na katika mlango unaofunguka. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja inazidi kwa mbali safari ya kubadili ndege mara mbili, hata kama ya pili ina nauli ya chini.

Siku yenyewe

Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa barabara ni takriban kilomita 350 kupitia Kericho na Nakuru. Ondoka alfajiri, kabla joto la ziwa halijapanda, na mpe mbwa mapumziko Nakuru, kamba ikiwa imeshikwa kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Mlo wa mwisho uwe mwepesi, saa nne hadi sita kabla ya kupokelewa, maji yaendelee. Dawa ya usingizi usimpe, hata jirani akikuhakikishia kwamba ya kwake ilifanya kazi: hushusha shinikizo la damu, humpotezea mnyama usawa, na shirika likimwona analegea linaweza kumkataa.

Mwenye paka chini ya kiti ana kazi moja ambayo mwenye mbwa hana. Kwenye ukaguzi wa usalama mkoba hupita kwenye mashine, na paka hutolewa abebwe mikononi kupitia lango. Mvalishe mkanda wa kifuani mapema, nyumbani, ukae chini ya manyoya ukiwa umebana kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Zungusha kamba kwenye kiganja kabla ya kufungua zipu. Mwombe mkaguzi chumba cha pembeni kama foleni ni ndefu. Ndani ya ndege hatoki tena kwa muda wa saa nane hivi. Kitandiko cha kunyonya mkojo na kingine cha akiba vinatosha kwa paka wengi, ambao hujizuia wenyewe.

Mbwa hukabidhiwa kaunta mapema kuliko mizigo ya kawaida. Ganda maji kwenye chombo chake usiku uliotangulia, ili yayeyuke polepole badala ya kumwagika kizimba kinaponyanyuliwa. Bandika juu ya kizimba jina na simu yako, namba ya chipu, na nakala za vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Vyeti halisi vibaki mkononi mwako.

Kwa familia hii, basi, ningempeleka paka chini ya kiti na mbwa kwenye sehemu ya mizigo katika ndege ileile. Paka jike angeweza kwenda chini pia, na wapo paka waoga ambao giza la kizimba kikubwa linawafaa kuliko miguu ya watu. Lakini kwa aliye mdogo na mtulivu sioni sababu ya kumpitisha kwenye mikono mingi. Wakifika Schiphol, mbwa huletwa mahali pa mizigo ya ukubwa usio wa kawaida, wala hapiti kwenye mkanda wa masanduku. Mchukue huko kwanza, kisha mpite wote kwenye njia nyekundu ya forodha, na utoe vyeti kabla hujaombwa, kwa kuwa afisa ataanza na skana ya chipu na atahitaji karatasi ya kulinganisha nayo.